Naomba ushauri: tathmini ya dada wa mapokezi, usiri unanitatiza

Habari zenu wakuu. Nasimamia utawala kwenye ofisi ya mawakili hapa Arusha, na wiki hii najaza fomu ya tathmini ya dada yetu wa mapokezi.

Kwenye kupokea wageni sina neno. Hata akiwa kwenye simu, anamwangalia anayeingia na kumwonyesha kiti. Juzi mteja alipiga meza akidai hati yake. Dada hakupandisha sauti, akamhamishia chumba kidogo, akamwambia wakili atatoka saa ngapi, na muda ulipofika akarudi kumpa taarifa. Hapo nampa 5 kati ya 5 bila kusita.

Ujumbe wa simu ni wastani. Daftarini anaandika "mama wa kesi ya kiwanja kapiga", bila namba wala saa. Hilo linarekebishika kwa fomu yenye nafasi za kujaza.

Shida ni usiri. Mwanamume alipiga kuuliza kama mkewe yupo, dada akajibu, "Ametoka sasa hivi." Mama yule alikuja kwa shauri la talaka! Hakuwa na nia mbaya, ukarimu tu, na hakuna aliyewahi kumfundisha kujibu, "Hatutoi taarifa za wageni, acha namba yako."

Nikijumlisha alama, wastani unatoka mzuri na kosa linafichika. Je, usiri niutenge, uwe wa kufaulu au kufeli? Na ni haki kumkata alama kwa jambo ambalo hajafundishwa, au nimfundishe kwanza kisha nimpime upya baada ya miezi 3?