Jirani kaongeza jenereta ya pili, simu yaonyesha desibeli 3 tu. Nani kati yetu hajui kupima?

Wa_Langoni: Salaam jamani. Nina nyumba ya wageni hapa Langoni, Lamu. Jirani yangu anauza barafu, na stima ikipotea huwasha jenereta chini ya dirisha la chumba changu cha juu. Mwezi uliopita kaleta ya pili, pacha wa ile ya kwanza. Nikaweka simu dirishani: moja ikiwaka, 66. Zote mbili, 69. Nilipokwenda kulalamika akacheka: "Bwana wee, kelele imeongezeka asilimia nne na nusu tu." Mimi nilitarajia 132! Simu ni mbovu, au nimeshindwa kweli?

SpikaZaMalindi: Hiyo 3 imenila pesa. Niliuza amplifaya ya wati 500 nikanunua ya 1,000, nikaipeleka harusini hapa Malindi na spika zangu zile zile. Nimefungua mpaka mwisho, shangazi wa bibi harusi ananiuliza mbona muziki ni ule ule wa mwaka jana. Ukumbi wako una ukubwa gani? Nikupe ushauri wa spika.

Wa_Langoni: Kaka, mimi sitaki sauti. Nataka wageni walale.

Mstaafu_Shela: Simu hiyo itupe. Kitu kikiwa mara mbili, desibeli huongezeka 6. Tulisoma hivyo, na sijasahau.

BiVipimo: Simu usiitupe. Huenda 66 yenyewe si sahihi, lakini simu ile ile ikikaa pale pale, tofauti ya 3 inaaminika.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo za mchele. Kila desibeli 10 maana yake nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. 20 ni mara mia, 30 ni mara elfu. Sasa chukua 1 uizidishe kwa mbili mara kumi mfululizo: 2, 4, 8, 16, mpaka 1,024. Hiyo ni kama elfu, na elfu ni desibeli 30. Umepiga hatua kumi kufika 30, basi kila hatua ya mara mbili ina desibeli 3. Ndiyo siri yote.

Kwa hiyo 66 ni nguvu kama mara milioni 4 ya sauti hafifu kabisa ambayo sikio linaweza kuidaka, na 69 ni kama milioni 8. Jirani kakutupia nguvu maradufu. Asilimia zake hazina maana. Angekuwa na jenereta moja ya 40 akaongeza pacha wake, ingekuwa 43, maradufu ile ile.

Ila ana nusu ya haki. Sikio nalo halihesabu moja moja. Watu wengi husema sauti "imekuwa mara mbili" inapopanda kama desibeli 10, yaani jenereta kumi. Shangazi wa Malindi alisikia sawasawa.

Mstaafu_Shela: Na 6 yangu?

BiVipimo: Ni ya kweli, mzee wangu, lakini ni ya mgandamizo wa hewa. Ukiuzidisha mgandamizo kwa mbili, nguvu huwa mara nne, ndiyo 6. Utaipata kwa spika mbili zinazotoa wimbo mmoja kwa hatua moja, ukisimama katikati. Injini mbili hazivuti pumzi pamoja, kwa hiyo zinajumlishana nguvu tu.

Wa_Langoni: Ahsante dada. Basi nimwombe azime moja usiku?

BiVipimo: Utarudi kwenye 66, na mgeni wako hatakushukuru sana. Afadhali zisogezwe. Uwanjani, umbali ukiwa mara mbili, desibeli hupungua kama 6. Kwenye kichochoro chenu sikuahidi hizo 6, kwa sababu kuta za mawe ya matumbawe zinairudisha sauti. Azipeleke nyuma ya ukuta ili dirisha lisizione, na moshi uwe na njia ya kutoka. Kisha pima tena pale pale. Ukiona imeshuka 10, wageni watahisi tofauti.

Wa_Langoni: Kuna jambo sikusema. Zikiwaka zote mbili zinavuma wuu... wuu... kama mtu anafungua na kufunga mlango. Moja peke yake haifanyi hivyo. Mgeni mmoja kahama kwa sababu ya hilo wuu.

BiVipimo: Hilo ungeanza nalo! Kasi zao zinakaribiana lakini hazilingani, kwa hiyo mivumo yao mizito mara inapandana, mara inapishana na kufutana. Inapopandana, huo mvumo hukaribia 6 za Mzee wa Shela. Simu yako inatoa wastani, na programu nyingi huipunguzia uzito mivumo ya chini, ndiyo maana hukuiona kwenye 69.

Mstaafu_Shela: Nilisema mimi.

SpikaZaMalindi: Fundi akigusa kidogo gavana inayodhibiti kasi ya injini, moja iende kasi zaidi, si itakwisha?

BiVipimo: Wuu zitakuwa za haraka tu, na kasi ikizidi umeme wenyewe utaharibika, friza zife. Wa_Langoni, hesabu kwanza: ni wuu ngapi kwa dakika?

Wa_Langoni: Stima imerudi. Nangoja ipotee tena.