Jumatano moja tu kwa wiki: mbio ndefu, mita 30 za kurudiarudia, au kasi kamili?

Winga_Kushoto: Wakuu, mechi ni Jumapili na mazoezi napata Jumatano tu. Kipindi cha pili nikichomoka mara mbili mfululizo, ya tatu miguu inagoma na nyuma ya paja panavuta. Nichague lipi kati ya hayo matatu?

Beki_Mkongwe: Mbio ndefu, kaka. Pumzi ndiyo mpira. Paja linavuta kwa sababu hujinyooshi kabla ya mechi.

Fizio_Dada: Mkongwe, kwenye pumzi nakuunga mkono, maana ndiyo inayorudisha nguvu kati ya mbio na mbio. Kujinyoosha peke yake ndiko hakutoshi. Msuli ule huchanika zaidi mguu ukiwa umetupwa mbele, kabla tu ya kukanyaga: unarefuka huku unafunga breki. Mbio za taratibu haziufikishi hapo. Za mita 30 zenye pumziko fupi nazo haziufikishi vizuri, kwani ukifika ya nne kasi imeshashuka.

Winga, changanya. Pasha mwili, kisha ukiwa bado mbichi piga mita 40 mara tatu, ukipandisha kasi hadi karibu na mwisho wako, na utembee dakika 2 au 3 katikati. Halafu mita 30 mara sita, pumziko sekunde 25, na mwenzio akushikie saa. Tuseme ya kwanza ni sekunde 4.6: ikigonga 5, acha hata kama ni ya nne. Hapo hatua zinarefuka, kiwiliwili kinainama, na paja ndilo linalolipa.

Namba_Sita: Mimi lilinishika ghafla kama nimepigwa jiwe. Niweke barafu au moto?

Fizio_Dada: Pole. Hilo ni jeraha tayari, mada hapa ni kinga. Usikimbie wala usilivute. Ukiona weusi au unachechemea, kapimwe. Paja lililowahi kuchanika huchanika tena kirahisi, usiharakishe kurudi.

Kocha_Mtaa: Mmesahau zoezi la Nordiki: piga magoti, mwenzio ashike vifundo, ujishushe mbele polepole huku unajizuia. Wangu hufanya 10 mara tatu.

Fizio_Dada: Zoezi zuri mno, kocha, ila kwa anayeanza hizo ni nyingi. Kesho yake hakai kitini! Aanze na 5 mara mbili, baada ya mbio, aongeze wiki kwa wiki.

Kocha_Mtaa: Mimi naona yafanywe kabla, wakiwa na nguvu ya kujizuia.

Fizio_Dada: Nguvu watakuwa nayo, lakini sipendi mtu apige kasi kamili na paja lililochoka. Kama una siku ya pili, yatenganishe.

Winga_Kushoto: Na nikikosa Jumatano, niyafanye Jumamosi?

Fizio_Dada: Nordiki na zile sita, hapana, utaingia uwanjani na uchovu. Mita 40 mbili tu, kisha pumzika.