Tupeane uzoefu: tangazo la kulipia unalizima lini, unalibadili lini, unaliongezea hela lini?

Mama Mapazia, Arusha

Wakuu habari za jioni. Nina kaduka ka mapazia Ngarenaro, na wateja wengi nawapata kwa tangazo la Facebook na Instagram linalompeleka mtu WhatsApp. Mwezi uliopita nimechoma hela. Naanza mimi kusimulia, na nyie mlete ya kwenu.

Nilianza na 15,000 kwa siku. Walengwa ni kina mama wa miaka 25 hadi 45, Arusha mjini tu, wanaopenda mapambo ya nyumba. Picha ilikuwa moja: sebule yenye pazia la kijivu na shia nyeupe. Zikaisha wiki tatu, nikafungua Ads Manager, `Cost per result` ikanionyesha 1,394. Bei hiyo ya meseji moja kwangu ni nzuri, nikaona kumbe mambo yanakwenda, siku hiyo hiyo nikapandisha bajeti mpaka 40,000. Siku nne mbele nimetumia 160,000 na meseji nilizopata ni 41. Piga hesabu mwenyewe, ni kama 3,900 kila moja.

Mdogo wangu alipokuja hakugusa kitu chochote zaidi ya tarehe. Alitoa ule muda wote akaweka wiki moja moja. Wiki ya kwanza meseji 100, kila moja 1,050. Wiki ya pili 84, kila moja 1,250. Wiki ya tatu 42, kila moja 2,500! Ile 1,394 ilikuwa wastani wa wiki zote tatu, wiki nzuri ya kwanza ilikuwa inaficha uozo wa wiki ya tatu. Mimi nikaongeza hela kwenye kitu kilichokuwa kinakufa tangu siku saba nyuma.

`Frequency` hata sikuwa naiangalia. Wiki ya kwanza ilikuwa 1.5, ya pili 2.0, ya tatu 3.2. Zile siku nne za 40,000, 3.2 nyingine ndani ya siku nne tu. Yaani ni wale wale kina mama wanaonyeshwa pazia la kijivu asubuhi, mchana, jioni.

Swali langu: nyie mnaamuaje? Maana mimi sasa nimelizima lote na naogopa kuliwasha.

Mangi wa Kiboriloni

Dada pole. Mimi nauza viatu vya mtumba na kanuni yangu ni moja, sina maneno mengi: `Frequency` ikivuka 3, zima. Hata kama meseji bado zinaingia. Watu wakishakuchoka wanaanza kubonyeza kuficha tangazo, na hapo bei inapanda usiishushe tena. Toka nianze hivyo sijawahi kulia.

Baba Junior FM

Mimi naona mnatishana bure. Nina tangazo la duka la pembejeo redioni, linarushwa mara sita kwa siku mwaka wa pili huu, na masafa yao yanafika mpaka Mto wa Mbu. Hakuna mtu aliyeniambia amechoka. Kwani hiyo 3.2 ni masafa gani, mbona ndogo hivyo?

Kijana wa Sakina

Mzee Junior, shikamoo. Hiyo siyo masafa ya redio mzee wangu. Ni wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameonyeshwa tangazo. Chukua idadi ya maonyesho ugawe kwa idadi ya watu waliofikiwa. Wiki ya tatu ya mama huyu ikiwa limeonyeshwa mara 40,000 kwa watu 12,500, ndiyo 3.2 hiyo.

Baba Junior FM

Marahaba. Basi hata redio ipo hivyo hivyo, ila wao hawakupi hiyo namba.

Bibie wa Maulizo, Moshi

Mama Mapazia, shida yako haikuwa kutolizima. Shida ni kwamba ulikuwa na namba mbili tu mkononi na ukataka zikuambie kila kitu. Mimi ofisini kwetu tunauza safari za kupanda Kilimanjaro, kazi yangu ni matangazo, nikuambie ninavyosoma.

Kwanza kabisa, kabla ya kuwasha, ujue meseji moja inaweza kukugharimu mpaka shilingi ngapi kabla hujaanza kula mtaji. Katika meseji kumi unauza kwa wangapi? Na ukishalipa kitambaa na fundi unabaki na shilingi ngapi?

Mama Mapazia, Arusha

Kumi, ananunua mmoja. Nabaki na kama 35,000 kwa seti ya sebule.

Bibie wa Maulizo, Moshi

Basi mstari wako ni 3,500. Hapo ndipo faida yote inaliwa na tangazo. Wiki ya tatu, kwa 2,500, mteja mmoja alikugharimu 25,000 ukabaki na 10,000. Umepungukiwa, ila hujapata hasara. Siku nne za 40,000 mteja mmoja alikugharimu 39,000, yaani kila aliyenunua ulimwongezea 4,000 kutoka mfukoni mwako. Kwa hiyo wiki ya tatu ilikuwa ya kubadili, na zile siku nne ndizo zilikuwa za kuzima.

Sasa ubadili nini? Hapa ndipo watu wengi wanapotea, wanabadili kila kitu siku moja. Bei ya meseji ikipanda kuna milango mitatu ya kukagua. Mlango wa kwanza ni bei ya kuonyeshwa mara elfu moja, ile `CPM`. Wa pili ni asilimia ya wanaobonyeza, `CTR`. Wa tatu ni wangapi kati ya waliobonyeza wanaandika kweli. Tupe hizo za wiki ya kwanza na ya tatu.

Mama Mapazia, Arusha

`CPM` 2,500, wiki ya tatu 2,625. `CTR` ilikuwa asilimia 1, ikashuka mpaka 0.45. Waliobonyeza 420 wakaandika 100. Wiki ya tatu wakabonyeza 180 wakaandika 42.

Bibie wa Maulizo, Moshi

Umeona? Bei ya kuonyeshwa karibu haijasogea. Aliyebonyeza bado anaandika vile vile, kama mmoja kati ya wanne. Kilichoporomoka ni kubonyeza, na kimeporomoka huku `Frequency` ikipanda. Hao wameichoka picha. Walengwa wako usiwaguse kwanza, bei zako usiziguse, badili picha. Na siyo pazia la kijivu la sebule nyingine, hilo kwa macho ya mtu ni tangazo lile lile. Weka fundi anapima dirisha, weka nyumba kabla na baada.

Kwetu Novemba iliyopita maulizo kutoka Ulaya yalipanda bei karibu nusu. Bosi akaniambia zima, tangazo limechoka. Nikaangalia: `Frequency` 1.3, kubonyeza kule kule, ila `CPM` imepaa. Hiyo siyo picha. Ni msimu wa punguzo wa kule kwao, kila duka linagombania nafasi ile ile. Ningebadili video pale ningeua tangazo zima kwa kosa ambalo si lake. Tulipunguza bajeti tukasubiri, na Januari ikarudi.

Mangi, na wewe nakusalimia. 3 yako ina ukweli ila umeifanya sheria. Tuna tangazo la waliokwisha kutuandikia wakanyamaza. Kikundi kidogo, `Frequency` inafika 7 kwa wiki, na ndilo lenye bei ndogo kuliko yote. Nikifuata 3 yako nimelizima mwezi uliopita.

Mangi wa Kiboriloni

Sawa, lakini hao wameshakujua. Mimi nazungumzia wateja wapya. Halafu mimi naangalia ya muda wote, siyo ya wiki.

Bibie wa Maulizo, Moshi

Hapo ndipo unajiumiza kaka. Ya muda wote inapanda tu, haiwezi kukwepa, mji ni ule ule. Tangazo la miezi miwili likiwa na 6 inaweza kuwa mtu ameliona mara moja tu kwa wiki. Angalia siku 7, uilinganishe na 7 za nyuma yake.

Mangi wa Kiboriloni

Nitaangalia. Ila 3 siiachi.

Keki za Njiro

Naomba niingilie na yangu, maana ni kinyume. Mimi bei ya meseji moja ilikuwa 1,100, nikaweka video ya keki inakatwa taratibu, ikashuka mpaka 400. Furaha! Nikaongeza hela mara mbili. Simu haipumui, ila oveni imelala. Wengi wanabonyeza lile swali lililoandikwa tayari, "Naomba maelezo zaidi", ukimjibu hasomi. Nilipofungua daftari nikakuta kwa meseji za 1,100 nilikuwa nauza keki moja kila meseji nane. Kwa zile za 400, moja kila meseji 35. Yaani mteja alitoka 8,800 akaenda 14,000, huku Ads Manager inanipongeza. Sasa bei naiandika ndani ya video, meseji moja imepanda mpaka 900 na ninalala vizuri. Facebook inahesabu mazungumzo yaliyoanza, haijui nani amelipa.

Mama Mapazia, Arusha

Dada wa keki hilo nalo sikuliwaza. Na kuongeza hela sasa, mnaongezaje?

Bibie wa Maulizo, Moshi

Bei ya wiki hii isipande kuliko iliyopita, `Frequency` ya siku 7 iwe chini bado, na matokeo yawe ya kutosha kuamini. Facebook wenyewe wanataka kama matokeo 50 ndani ya siku 7 ili seti ya matangazo itoke kwenye ile hali ya `Learning`. Kwetu maulizo ni manne kwa wiki, siku moja sifuri, kesho mawili, kwa hiyo mimi siku mojamoja sizisomi kabisa. Wewe una 100, siku tatu nne zinakutosha. Ongeza asilimia 20, subiri siku tatu, ongeza tena. Ulivyoruka toka 15,000 mpaka 40,000 uliirudisha kwenye kujifunza, tena kwa watu waliokwisha kuchoka.

Kijana wa Sakina

Mimi hiyo asilimia 20 siifuati. Nanakili seti nzima, naipa bajeti kubwa, ile ya zamani naiacha ilivyo. Ikifeli nimepoteza mpya tu. Nimeuza vioo vya simu hivyo mwaka mzima.

Bibie wa Maulizo, Moshi

Kwa walengwa wale wale? Mtu mmoja anaangukia seti zote mbili, na `Frequency` unaiona nusu nusu kila upande. Nusu ya ukweli umeificha.

Kijana wa Sakina

Ila inauza dada.

Bibie wa Maulizo, Moshi

Vioo vya simu kila mtu anavunja. Mapazia mtu ananunua mara moja kwa miaka minne. Sikubaliani, lakini sina cha kukupinga.

Mama Mapazia, Arusha

Wakuu, narudi baada ya siku tano. Nimeweka video ya fundi anapima dirisha Sakina, nikaongeza Usa River na Tengeru, najua nimegusa viwili, msinigombeze. Bajeti ile ile 15,000. Jana jioni `Frequency` 1.3, meseji 58, kila moja kama 1,290. Walionunua wameshakuwa saba kwa mujibu wa daftari. Bado sijapandisha.

Baba Junior FM

Mama, hiyo shia nyeupe ya kwenye picha ya kwanza ni bei gani mita moja?