Tupeane uzoefu: PDF moja, maduka matatu ya printi, karatasi tatu zisizofanana

Mama Nyuki: Wakuu, habari za jioni. Nauza asali hapa Dar. Safari iliyopita lebo zilitoka vibaya, kwa hiyo kabla ya kuchapa elfu moja nyingine nimetengeneza ukurasa wa majaribio wa A4. Una miraba ya rangi ya lebo yangu, picha ya mkono wa mtu, utepe wa sentimita 25 unaoanza kijivu cha asilimia 10 na kufifia hadi weupe, maandishi meusi ya pointi 8, 6, 5 na 4, na mstari wa sentimita 10 kamili. Nikaupeleka maduka matatu ya Kariakoo, yote mashine za leza.

La kwanza herufi ni safi hadi pointi 5, ila utepe una mistari. La pili herufi ndogo zina ukingo wa waridi. La tatu asali imekuwa nyekundu kama chai ya rangi, na ule mstari wangu umetoka sentimita 9.7. Nani ameshapitia haya?

Fundi Tona: Dada, anza na hilo la tatu. Mstari umepungua kwa sababu mhudumu aliacha Fit, ile inayobana ukurasa uenee kwenye karatasi. Mwambie achague Actual size, achape upya. Herufi zake zote zimepunguzwa, sasa utazishindanishaje na za wenzake? Hiyo mistari ya duka la kwanza, ipime kwa rula utuambie iko umbali gani.

Mama Nyuki: Mistari ni miwili, imeachana sentimita 9.4. Halafu kuna vingazi vya kijivu, kila kimoja upana kama sentimita moja, na hivyo naviona kwenye karatasi zote tatu.

Fundi Tona: Basi una magonjwa mawili. Vingazi vipo kote, kwa hiyo vimetoka kwenye faili. Picha ya kawaida ina ngazi 256 kutoka nyeusi hadi nyeupe. Asilimia 10 ya hizo ni kama 25, nawe umezitandaza kwenye sentimita 25, kwa hiyo kila ngazi imepata sentimita yake. Fupisha utepe, au utie chengachenga kidogo ili jicho lisione mpaka.

Ile mistari ya 9.4 ni ya mashine. Gawa milimita 94 kwa 3.14, unapata kama 30. Ndani kuna kitu cha duara chenye kipenyo cha milimita 30, na kila kikizunguka kinaacha alama yake. Mara nyingi ni dramu, ile silinda inayobeba picha ya tona, yenye mkwaruzo, ila rola nyingine ya kipimo hicho nayo inaweza. Ukitaka uhakika, fupisha utepe utoshe upana wa karatasi, unenepeshe uzidi hizo sentimita 9.4, uulaze kwa upana, uchape tena. Mistari ikibaki kukata karatasi kwa upana na kwa umbali uleule, mwenye duka abadilishe kifaa.

Dogo Sinza: Mbona rahisi, badilisha faili kutoka RGB, rangi za skrini, kwenda CMYK, rangi nne za kuchapia. Waridi itaisha.

Mama Nyuki: Nimebadilisha leo, nikarudi duka la pili. Waridi ipo vilevile.

Fundi Tona: Dogo umegusa penyewe ila umeishia njiani. Nyeusi ya RGB ukiibadilisha hivihivi inageuka mchanganyiko wa rangi zote nne. Moja ikisogea hata kidogo tu, herufi ya pointi 5 inavaa ukingo. Chagua maandishi, weka K, yaani nyeusi, 100, hizo nyingine tatu sifuri. Duka la kwanza huenda mashine yao imewekwa kugeuza maandishi meusi kuwa tona nyeusi peke yake, ndiyo maana hukuliona tatizo.

Baba Ney: Mimi printa yangu ya nyumbani inaacha mistari myeupe, nimesafisha hedi mara sita na wino umekwisha. Nayo ni dramu?

Fundi Tona: Hapana mzee, hiyo ni ya wino, haina dramu. Kila ukisafisha unamwaga wino. Chapa nozzle check kwanza uone tundu gani limeziba.

Kadi za Kinondoni: Dada, duka la tatu walitumia karatasi gani? Mimi nachapisha kadi za harusi. Dhahabu ile ile kwenye karatasi ya kung'aa na kwenye ya kawaida ni rangi mbili.

Mama Nyuki: Ya kung'aa. Wengine wawili ya kawaida.

Kadi za Kinondoni: Basi rangi bado hujalinganisha. Nunua karatasi za lebo mwenyewe, wapelekee wote watatu, halafu zitazame pamoja nje, kivulini, saa za mchana. Chini ya taa ya duka nilishaikubali kadi ambayo nyumbani ilikuwa kijani.

Mama Nyuki: Nimezitoa nje zote tatu. Wekundu umepungua, ila haujaisha.

Dogo Sinza: Labda mashine yao haijapimwa rangi siku nyingi?

Kadi za Kinondoni: Labda. Duka langu mimi, asubuhi na jioni hazifanani, na karatasi ni ile ile. Rudi kesho na faili hilo hilo na karatasi zako, tuone.