Nikisoma naelewa kila kitu, nikifika kwenye mtihani naganda. Nitajuaje kama kweli najua?

Kalamu_Kavu: Wakuu, mtihani wa baiolojia umebaki siku tisa. Sura ya osmosisi nimeirudia mara nne, kila mstari naona naujua. Kwenye jaribio nikaulizwa kwa nini chembe nyekundu ya damu hupasuka ikitiwa kwenye maji matupu. Kimya. Nilitarajia 80, nimepata 46. Nyie mnajipimaje?

Mbio_Fupi: Rahisi. Ukimaliza ukurasa funga kitabu, jiulize hapo hapo. Ukijibu, umeiva, songa mbele.

Taa_ya_Usiku: Kufunga kitabu sawa, ila hilo "hapo hapo" ndilo linalomponza. Maneno bado yanaelea kichwani, utajiona bingwa. Watafiti wa saikolojia Nelson na Dunlosky walilipima hili mwaka 1991 kwa jozi za maneno: watu waliojikadiria baada ya kupita muda kidogo, wakionyeshwa neno moja tu la jozi, walikaribia ukweli kuliko walipojikadiria mara tu baada ya kusoma.

Kalamu, soma leo, jipime kesho kabla hujagusa daftari. Andika swali, na kabla ya kujibu weka namba pembeni: asilimia ngapi una hakika utapata? Kisha jibu kwa maandishi ndipo usahihishe. Hiyo chembe yako, ukiandika "maji huingia" usijipe alama bado. Yanaingia kwa nini? Kwa sababu ndani kuna vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko nje, na utando unapitisha maji lakini vingi kati ya hivyo hauviachii. Mbona chembe ya mmea haipasuki? Ina ukuta mgumu. Ukikwama hapo, ulikuwa unaitambua sentensi ya kitabu, basi.

Mama_Pacha: Pole mdogo wangu. Mimi ilikuwa hofu, mikono ilitetemeka hadi kalamu ikaanguka. Vuta pumzi tu.

Taa_ya_Usiku: Dada, hofu ipo, ila tuitenganishe. Akijibu vizuri nyumbani, kitabu kimefungwa na saa inakwenda, halafu akakwama ukumbini, hapo nitailaumu hofu. Akikwama hata nyumbani, hajui.

Kalamu_Kavu: Nimerudi baada ya siku mbili. Maswali kumi. Sita niliyaandikia 90, nimepata matatu! Manne niliyoyapa 40, nimepata mawili. Yaani ninayoyaogopa nayajua sawasawa na ninayojivunia. Nimeona aibu.

Taa_ya_Usiku: Maswali kumi ni machache, usijihukumu bado. Lakini yale matatu ya 90 uliyokosa anza nayo leo, maana usingeyarudia kamwe.

Mbio_Fupi: Haya, nimekubali kusubiri kesho. Ila insha je? Nikijisahihisha mwenyewe najihurumia, nasema "nilimaanisha hivyo".

Taa_ya_Usiku: Hapo hata mimi hunishinda. Huwa naorodhesha hoja za lazima kabla ya kuandika insha, na bado najipendelea. Mwenye njia bora aseme.