1905a iwe makala ipi? Herufi zifuate kichwa au tarehe?

Mleta mada: Wakuu, kwenye tasnifu ya masta nimetumia makala nne za Einstein, zote za 1905, kwa hiyo kila moja inatakiwa herufi ya kuitofautisha, 1905a, 1905b hadi d. Mwongozo wa chuo ni APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, ila supavaiza anataka a iwe iliyotoka kwanza. Nimfuate nani?

Mhariri wa jarida: APA haiangalii ipi ilitoka kwanza. Unapanga orodha ya marejeo kwa alfabeti ya vichwa, ukimaliza ndo unagawa herufi toka juu kwenda chini. Ya mwanga ilifika jaridani Machi, ya chembe zinazotikisika kwenye maji Mei, ya relativiti Juni, ya masi na nishati Septemba. Vichwa vya Kijerumani vinaanza Über einen, Über die, Zur, Ist, kwa mpangilio huohuo wa miezi. Alfabeti inaipandisha Ist juu kabisa, kwa hiyo ya Septemba ndo 1905a, ya Mei b, ya Machi c, ya Juni d.

Mwalimu wa historia ya sayansi: Hapo ndo nabisha. Makala ya Septemba imejengwa juu ya ile ya Juni, sasa msomaji anakuta a inaitegemea d, lazima achanganyikiwe. Supavaiza ana hoja.

Mhariri wa jarida: Mwalimu, herufi ni ya kumfikisha msomaji kwenye mstari sahihi wa orodha, basi. Historia iandikwe kwenye sentensi yenyewe, "mwezi Juni alionyesha (1905d), Septemba akaongeza (1905a)".

Msomaji: Mi nilifundishwa unayoitaja kwanza ndo a, hamna kingine.

Mhariri wa jarida: Baadhi ya miongozo ya Harvard inafanya hivyo kweli, ila siyo APA. Na ukihamisha aya moja tu toka sura ya nne kwenda ya pili, herufi zote zinavurugika.

Dada wa diploma: Mimi nilikuwa na mwandishi wa 2019, moja kaandika peke yake na nyingine na mwenzake, nikaweka a na b nikarudishiwa kazi. Kosa langu nini?

Mhariri wa jarida: Dada, hizo hazihitaji herufi, majina ya waandishi yameshazitofautisha. Na kagua pia kama kuna b imebaki bila a, hiyo huwa mtu kafuta rejea moja akasahau kurekebisha nyingine, kwa wanaopanga marejeo wenyewe bila programu hutokea sana.

Mleta mada: Sasa Kijerumani sijui, nimesoma tafsiri za Kiingereza. Nimepanga vichwa vyake, ya Septemba imebaki a lakini ya mwanga imepanda b, relativiti c, ya chembe imeshuka d.

Mwalimu wa historia ya sayansi: Mmeona? Makala ileile, tasnifu mbili, herufi mbili. Kwa tarehe isingebadilika hata ukisoma kwa Kichina.

Mhariri wa jarida: Hakuna anayebeba herufi toka tasnifu moja kwenda nyingine, mwalimu. Ila mkuu, kama ni tafsiri, mwaka wa tafsiri nao unaingia kwenye rejea, na zikitoka kwenye vitabu vya miaka tofauti huenda hizo herufi usizihitaji kabisa. Tafsiri zako ni za mwaka gani?