Bidhaa 480 za duka la mtandaoni: nimlipe mwandishi kwa kipande au kwa mkupuo?

mama_vyombo: Wadau habari zenu. Nauza vyombo vya jikoni, katalogi ina bidhaa 480 na maelezo yote nimeyachukua vilevile kwa sapulaya. Waandishi wawili wamenipa bei. Wa kwanza anataka 2,000 kila bidhaa, yaani 960,000. Wa pili anasema aina ni 120 tu, zingine ni saizi na rangi, kwahiyo 5,000 kwa kila aina na 500 kwa kila saizi au rangi inayobaki. Nani ananipiga?

juma_tekno: Chukua wa bei ndogo ila mwambie neno "sufuria" alirudierudie hata mara kumi, na ujaze ile sehemu ya keywords huko nyuma ya peji, Google inapenda.

kalamu_ya_pwani: Juma hapo kwenye maneno umekosea. Google walishatangaza 2009 kwamba ile sehemu hawaiangalii, na kurudiarudia neno wanahesabu ni spamu. Dada, wa pili inakuja 600,000 na 180,000, jumla 780,000, na ndo anayeielewa kazi, maana sufuria ya lita 3 na ya lita 5 maelezo ni yaleyale unabadilisha ujazo, kipenyo na uzito tu. Ila usimpe zote. Mpe aina 10 kwanza, zikikaa sawa mwandike karatasi moja ya mtindo: vipimo sentimita au inchi, kipi kinatangulia, mteja anaitwa "wewe" au haitwi. Bila hiyo karatasi utakuta ya 15 inasema "mfuniko" ya 90 inasema "kifuniko" na duka linaonekana limeandikwa na watu sita. Na kabla hajaanza wewe pima vyombo, mwandishi asiye na vipimo atajaza "imara na ya kisasa" kila mahali, ukiliona hilo neno kwenye sampuli ujue hana data.

mama_vyombo: Asante kaka. Sasa niandike "hotpoti" au chombo cha kutunza joto?

kalamu_ya_pwani: Hotpoti kwenye kichwa, ndo watu wanaandika. Fungua Search Console uone waliokufikia walitafuta nini. Hilo refu liweke mara moja ndani, linaeleza kazi yake.

bi_mitumba: Mimi nauza magauni ya mtumba, nikajaribu hiyo ya mkupuo ikanishinda, kila gauni liko moja tu, mwandishi akamaliza wakati nusu ya mzigo umeshauzika!

kalamu_ya_pwani: Kwako kweli haifai, bi. Tengeneza fomu fupi ya kitambaa, kifua, urefu na kasoro, ujaze mwenyewe ukiwa unapiga picha.

mama_vyombo: Na marekebisho je? Wa pili anataka hela kuanzia raundi ya pili.

juma_tekno: Mgomee, kosa lake alipie yeye.

kalamu_ya_pwani: Kosa lake sawa. Ila ukibadili mawazo kuhusu mtindo akiwa kwenye aina ya 70, hapo mimi ningekudai.